Kwa nini mauzo ya duka yamepanda au kushuka mwezi huu? Njia ya kutenganisha bei, kiasi na mchanganyiko wa bidhaa

Wenye maduka wengi hujumlisha daftari mwisho wa mwezi, huona pesa imepungua, na mara moja husema: "Wateja wamehama." Mwingine husema: "Bei yangu iko juu." Wa tatu anakwenda kwenye kikundi cha akiba kukopa ili aongeze mali dukani. Hao watatu huenda wameona upungufu uleule, lakini kila mmoja ameshika dawa tofauti bila kujua ugonjwa.

Makala hii inaeleza namna ya kugawa badiliko la mauzo katika sehemu tatu, kwa kutumia daftari na kikokotoo cha simu tu. Mfano wetu ni duka dogo la nafaka, la aina iliyopo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Hesabu ni ya mfano, na bei ni kwa shilingi za Uganda. Mwenye duka wa Kakuma au Nyarugusu anaweza kufuata hatua hizihizi kwa pesa ya nchi aliyopo.

Mambo matatu yanayobadilisha mauzo

Jambo la kwanza ni bei. Ukiuza kilo ileile kwa pesa zaidi au pungufu kuliko mwezi uliopita, mauzo yanabadilika.

Jambo la pili ni kiasi. Ukiuza kilo nyingi zaidi au chache zaidi kwa jumla, mauzo yanabadilika.

Jambo la tatu ni mchanganyiko wa bidhaa, na hili ndilo wengi hawalioni. Unaweza kuuza kilo zilezile, kwa bei zilezile, na bado pesa ikapungua, kwa sababu wateja wameacha bidhaa ya bei kubwa wakachukua ya bei ndogo. Mama aliyekuwa akinunua kilo mbili za mchele sasa ananunua kilo mbili za unga wa mahindi. Amekuja dukani kama kawaida, amebeba kilo mbili kama kawaida, lakini ameacha pesa kidogo.

Katika makazi ya wakimbizi hili hutokea mara kwa mara, kwa sababu mfuko wa mteja unafuata msaada. Nchini Uganda, tangu mwaka 2023, msaada wa chakula wa WFP hutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji wa kaya, na si wote wanaopata kiwango kimoja. Kaya ikishushwa kundi, haiachi kula. Inabadilisha kile inachonunua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji mambo mawili kwa kila bidhaa, kwa miezi miwili: umeuza kilo ngapi, na kwa bei gani.

Kama huandiki kila mauzo, unaweza kupata kilo kwa njia nyingine. Chukua mali uliyoanza nayo mwezi, ongeza uliyonunua, kisha toa iliyobaki siku ya mwisho. Kama ulianza na kilo 50 za mchele, ukanunua kilo 200, na zimebaki 50, basi zilizotoka ni kilo 200.

Zingatia neno "zilizotoka". Ndani yake mna kilo zilizopikwa nyumbani kwako, zilizoliwa na panya, na zile ulizompa jirani. Hizo ziandike pembeni na uzitoe, la sivyo utahesabu kuwa umeziuza. Kipimo ni hiki: zidisha kilo kwa bei, kisha linganisha na pesa uliyopokea pamoja na madeni mapya ya mwezi huo, baada ya kutoa madeni ya zamani yaliyolipwa. Tofauti ikiwa kubwa, tafuta kwanza pesa au mali imekwenda wapi. Hesabu inayofuata haitakusaidia ikiwa kilo zenyewe si za kweli.

Duka letu la mfano

Duka linauza bidhaa tatu kwa kilo. Mwezi wa nane lilikuwa hivi:

| Mwezi wa nane | Kilo | Bei ya kilo | Mauzo |
|---|---|---|---|
| Mchele | 200 | 4,500 | 900,000 |
| Maharage | 150 | 4,000 | 600,000 |
| Unga wa mahindi | 250 | 2,400 | 600,000 |
| Jumla | 600 | | 2,100,000 |

Mwezi wa tisa mwenye duka alipandisha mchele kwa shilingi 200, kwa sababu bei ya kununulia ilikuwa imepanda. Unga aliushusha kwa shilingi 100, kwa sababu jirani yake alikuwa ameshusha. Maharage aliyaacha palepale.

| Mwezi wa tisa | Kilo | Bei ya kilo | Mauzo |
|---|---|---|---|
| Mchele | 120 | 4,700 | 564,000 |
| Maharage | 130 | 4,000 | 520,000 |
| Unga wa mahindi | 380 | 2,300 | 874,000 |
| Jumla | 630 | | 1,958,000 |

Mauzo yameshuka kwa shilingi 142,000. Tunataka kujua zimekwenda wapi.

Ngazi ya hatua tatu

Fikiria ngazi. Juu kuna mauzo ya mwezi wa nane, 2,100,000. Chini kuna mauzo ya mwezi wa tisa, 1,958,000. Tutatembea kutoka juu hadi chini, na katika kila hatua tutabadilisha jambo moja tu.

*Hatua ya kwanza: badilisha kiasi peke yake.* Jiulize: ningepata nini kama ningeuza kilo za mwezi wa tisa, lakini wateja wakanunua kwa mgawanyo wa mwezi wa nane na kwa bei za mwezi wa nane? Tafuta wastani wa kilo moja mwezi wa nane. Gawa 2,100,000 kwa kilo 600, unapata 3,500. Zidisha kwa kilo 630 za mwezi wa tisa, unapata 2,205,000.

Hiyo ni juu ya 2,100,000 kwa shilingi 105,000. Kwa hiyo kiasi kimeongeza mauzo kwa 105,000.

*Hatua ya pili: badilisha mchanganyiko.* Sasa chukua kilo halisi za kila bidhaa za mwezi wa tisa, lakini uziweke kwenye bei za mwezi wa nane. Mchele kilo 120 kwa 4,500 ni 540,000. Maharage kilo 130 kwa 4,000 ni 520,000. Unga kilo 380 kwa 2,400 ni 912,000. Jumla ni 1,972,000.

Kutoka 2,205,000 hadi 1,972,000 tumeshuka 233,000. Kilo ni 630 pande zote mbili, na bei ni zilezile. Kilichobadilika ni aina ya kilo zilizouzwa. Kwa hiyo mchanganyiko umepunguza mauzo kwa 233,000.

*Hatua ya tatu: badilisha bei.* Kutoka 1,972,000 hadi mauzo halisi ya 1,958,000 tumeshuka 14,000. Hiyo ndiyo sehemu ya bei. Unaweza kuihakiki: mchele umeongezeka shilingi 200 kwa kilo 120, ambayo ni 24,000 juu. Unga umepungua shilingi 100 kwa kilo 380, ambayo ni 38,000 chini. Ukitoa, unabaki na 14,000 chini.

Ziweke pamoja:

| Sababu | Shilingi |
|---|---|
| Kiasi | +105,000 |
| Mchanganyiko wa bidhaa | −233,000 |
| Bei | −14,000 |
| Badiliko lote | −142,000 |

Sehemu tatu lazima zijumlishe badiliko lote kamili. Zikikosa hata shilingi moja, rudi ukague kuzidisha kwako. Lakini jumla ikikubali, kosa katika hesabu ya katikati bado linaweza kujificha, kwa hiyo hakiki kila hatua.

Hesabu inasema nini kwa mwenye duka

Jambo la kwanza: wateja hawakuhama. Duka limeuza kilo 30 zaidi kuliko mwezi uliopita. Yule aliyetaka kusema "wateja wamekwenda kwa jirani" hana ushahidi kwenye daftari lake.

Jambo la pili: kilichoangusha mauzo ni wateja kuhama kutoka mchele kwenda unga ndani ya duka lilelile. Mchele ulikuwa theluthi ya kilo zote mwezi wa nane. Mwezi wa tisa umekuwa chini ya moja ya tano. Unga umevuka nusu ya kilo zote.

Jambo la tatu: kukopa ili kujaza duka kwa mali ileile ya zamani kungekuwa hatari. Mwenye duka akinunua tena kilo 200 za mchele kwa sababu ndizo alizozoea, kilo 80 zitamkalia, na riba ya kikundi haisubiri mchele uishe.

Usisimame kwenye mauzo, angalia pia faida

Mauzo ni pesa inayoingia. Kinachobaki baada ya kutoa bei ya kununulia ndicho kinacholisha familia. Mchanganyiko unapobadilika, faida hubadilika kwa njia yake yenyewe.

Tuseme mwezi wa nane mchele ulinunuliwa kwa 4,000, maharage kwa 3,500 na unga kwa 2,100. Faida ya kilo ni 500 kwa mchele, 500 kwa maharage na 300 kwa unga. Mchele ulileta 100,000, maharage 75,000 na unga 75,000. Jumla ni 250,000.

Mwezi wa tisa mchele ulinunuliwa kwa 4,200 ukauzwa 4,700, hivyo faida ya kilo ilibaki 500. Maharage hayakubadilika. Unga ulinunuliwa kwa bei ileile ya 2,100 lakini ukauzwa 2,300, hivyo faida ya kilo ikashuka hadi 200. Mchele umeleta 60,000, maharage 65,000 na unga 76,000. Jumla ni 201,000, pungufu kwa 49,000. Hapo bado hujatoa usafiri na kodi ya chumba.

Tazama mstari wa unga tena. Mwezi wa nane kilo 250 zilileta faida ya 75,000. Mwezi wa tisa kilo 380 zimeleta 76,000. Mwenye duka amesafirisha, amebeba na amepima kilo 130 zaidi kwa faida ya shilingi 1,000 tu. Kama angeacha bei kwenye 2,400, kilo 254 zingetosha kumpa faida hiyohiyo.

Hii haimaanishi kwamba kushusha bei ni kosa siku zote. Inamaanisha kwamba swali la kuuliza si "je, unga umeuzika?" Swali ni "je, kilo zilizoongezeka zimelipa punguzo nililowapa hata wale ambao wangenunua kwa bei ya zamani?" Katika duka hili, zimelipa kwa shida.

Mahali ambapo hesabu hii hudanganya

*Kulinganisha miezi isiyofanana.* Katika makazi, mwezi wa biashara hauanzi tarehe moja. Unaanza siku pesa au chakula cha msaada kinapogawiwa. Ugawaji ukichelewa kutoka mwisho wa mwezi mmoja hadi mwanzo wa mwingine, mwezi mmoja unaweza kubeba migao miwili na mwingine ukakosa kabisa. Sehemu ya kiasi itaonekana imeruka juu au imeanguka, na hakuna kilichotokea dukani. Dalili yake ni kwamba bidhaa zote zinapanda au kushuka kwa pamoja, kwa kiwango kinachokaribiana. Dawa ni kuhesabu kutoka ugawaji mmoja hadi mwingine badala ya tarehe 1 hadi 30.

*Vipimo visivyo sawa.* Kama mwezi mmoja uliuza maharage kwa kilo na mwingine kwa kikopo, pima kikopo chako kwenye mizani kwanza, na uhesabu vyote kwa kilo. Kumbuka pia kwamba kikopo kilichojazwa hadi kufanya kilima si sawa na kilichosawazishwa. Ukipima kwa kilima bila kubadilisha bei, umeshusha bei bila kujua, na pesa itapungua mahali usipopatarajia.

*Kujumlisha vitu visivyojumlishika.* Mchanganyiko una maana pale tu vitu vinapokuwa na kipimo kimoja. Ukijumlisha kilo za mchele, vipande vya sabuni na simu ulizochaji, unapata namba isiyo na maana, na wastani wake hauna maana pia. Tenga makundi. Nafaka zihesabiwe kwa ngazi ya hatua tatu. Sabuni na kuchaji simu zifanyie hesabu ya bei na kiasi tu, kila moja peke yake.

*Bidhaa mpya.* Kama mwezi wa tisa ulianza kuuza muhogo mkavu ambao hukuwa nao mwezi wa nane, hauna bei ya zamani. Usiutungie. Fanya ngazi kwa bidhaa zilizokuwapo miezi yote miwili, kisha andika mstari wa nne: "bidhaa mpya", na mauzo yake yote.

*Deni.* Kilo iliyotoka kwa deni mwezi wa tisa ni mauzo ya mwezi wa tisa, hata kama italipwa mwezi wa kumi. Ukiiandika siku ya kulipwa, utadhani mwezi wa tisa ulikuwa mbaya na wa kumi ulikuwa mzuri. Weka safu mbili kwenye daftari: siku mali ilipotoka, na siku pesa ilipoingia.

*Kuamini sana namba ndogo.* Sehemu ya bei kwa mfano wetu ni 14,000 chini, kwa sababu tulitumia kilo za mwezi wa tisa. Kama ungetumia kilo za mwezi wa nane, mchele ungeleta 40,000 juu na unga 25,000 chini, na jumla ingekuwa 15,000 juu. Alama imegeuka! Njia zote mbili zinatumika na wahasibu. Kwa hiyo fanya mambo mawili: chagua njia moja na ubaki nayo kila mwezi, na usifanye uamuzi mkubwa kwa sehemu ndogo kama hiyo. Sehemu ya mchanganyiko, 233,000, ni kubwa mno kugeuzwa na njia ya kuhesabu. Hiyo ndiyo ya kushughulikia.

Hesabu inaonyesha wapi, haionyeshi kwa nini

Ngazi imetuambia kwamba pesa ilipotea kwenye kuhama kutoka mchele kwenda unga. Haijatuambia sababu. Kwa duka letu kuna sababu tatu zinazowezekana, na kila moja ina namna yake ya kutambulika.

Ya kwanza: mchele uliisha dukani. Angalia tarehe gunia la mwisho lilipofunguliwa na lilipokwisha. Kama duka lilikaa siku tisa bila mchele, wateja hawakuhama. Walikosa. Dawa ni kununua mapema.

Ya pili: shilingi 200 za mchele ziliwakimbiza. Angalia bei za majirani. Kama wao wanauza 4,500 na gunia zao zinaisha haraka, mchele wako umekwenda kwao, na wateja wako wanakuja kwako kwa unga uliopunguza tu.

Ya tatu: mfuko wa wateja umepungua. Hapo mchele utakuwa umelala kwa majirani pia, na wauza mchele sokoni watakuambia hivyohivyo. Waulize wateja watano unaowafahamu wamebadilisha nini katika chakula cha nyumbani. Kama sababu ni hii, kushusha bei ya mchele hakutaurudisha. Punguza kilo za mchele unazonunua, weka pesa hiyo kwenye unga na maharage, na rudisha bei ya unga polepole, shilingi 50 kwanza, ukiangalia kilo kila wiki.

Andika jibu ulilolipata chini ya jedwali la mwezi huo, pamoja na tarehe. Mwezi wa kumi ukifanya ngazi tena, utaona kama mchanganyiko umeendelea kushuka, umesimama au umeanza kurudi, na utajua kama ulichobadilisha kimefanya kazi.